Mrejesho: Kii ya shafti ya mashua iliyokatika

Niliuliza: "Kii ya shafti imekatika mara mbili, bolti nne za flanji hazina hata alama. Niongeze bolti?"

Ahsanteni wakubwa, sikuongeza. Kosa lilikuwa urefu wa kii, kile kipande cha chuma kinachofunga shafti na kitovu cha flanji.

Shafti ni milimita 40 na mzigo newtoni-mita 400. Kii iko milimita 20 tu kutoka katikati, hivyo inabeba newtoni 20,000. Bolti ziko milimita 60 kutoka katikati, zinagawana 6,667, kama 1,667 kila moja. Kwa bolti ya milimita 10 hiyo ni newtoni 21 kwa milimita mraba, mchezo mtupu.

Kii yangu, upana 12 na kimo 8, ilikuwa fupi: milimita 25. Mkazo wa mkato ulifika newtoni 67 kwa milimita mraba, nami nilijiwekea kikomo cha 40. Kwa mkato peke yake milimita 42 zingetosha, lakini kinachoamua ni kugandamizwa ubavuni: kimo kinachoshika ni 4 tu, na kwa kikomo cha 80 inatakiwa milimita 63. Kweli, mfereji wa shafti ulikuwa umevimba kingo.

Fundi hapa Lamu amechonga kitovu kipya chenye urefu wa milimita 65, kii ndefu ienee. Jana tumekwenda Mokowe na kurudi na mzigo kamili. Nimefungua, kii haina hata mkwaruzo.