Mrejesho: tangazo la kufanyia kazi nyumbani

Niliuliza: "Wafanyakazi wataruhusiwa kufanyia kazi nyumbani siku mbili kwa wiki. Niandikeje kanuni za kupatikana na kuripoti bila kuonekana nawachunga?"

Ahsanteni sana wakuu. Nilifuata ushauri wa saa za pamoja: kila mtu apatikane kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana, saa zilizobaki ajipangie. Ndani ya muda huo simu ipokelewe, na ujumbe ujibiwe kabla ya saa moja kupita. Hilo limekubalika.

Ripoti ya kila jioni ilikwama, watu walinakili ya jana. Sasa ni mistari mitatu kila Ijumaa: kilichokamilika, kilichokwama, kinachofuata. Mapokezi bado wananung'unika, na wana haki, kazi yao haihamishiki. Nimewapa kubadilishana zamu tu.