Mrejesho: moyo kwenda mbio na nywele kutoka baada ya kujifungua

Niliuliza: "Mtoto ana miezi mitano. Moyo unanienda mbio hata nikilala, nimechoka, nywele zinatoka, hedhi haieleweki. Ni kunyonyesha tu?"

Dada zangu, si kunyonyesha. Hapa Moshi, zahanati ya kwanza walinipa vidonge vya kuongeza damu bila kupima chochote, na bado inaniuma. Daktari wa pili aliniambia ninyooshe mikono, akalaza karatasi juu ya vidole. Ikatetemeka. Kipimo cha TSH, homoni ya ubongo inayoiamuru tezi ya shingo, kikatoka chini sana, yaani homoni ya tezi imezidi mwilini. Alisema tezi ya shingo imevimba na inavujisha homoni iliyokwisha kutengenezwa, kwa hiyo dawa za kuzuia utengenezaji hazisaidii. Akanipa propranololi ya kutuliza moyo tu, nirudi baada ya wiki sita.

Moyo ulitulia, nikadhani nimepona. Kumbe akiba ya homoni ilikuwa imeisha: nilisikia baridi mchana kweupe, na TSH safari hii ilikuwa juu. Sasa nameza levothairoksini, kidonge cha kufidia homoni ya tezi, alfajiri kabla ya chai, nanyonyesha kama kawaida. Baadaye tutajaribu kuiacha, maana wengi tezi hurudi sawa. Nywele bado zinajaa kwenye kitana.