Naomba ushauri: rejeo la kwanza linatokea kama [3]

Wakubwa na ndugu, habari zenu. Niko Bukavu, namalizia tasnifu ya udaktari kwa LaTeX. Msimamizi anataka Vancouver, yaani marejeo yafuate yanavyotajwa mara ya kwanza. Mwanzo niliweka `plain`, ikayapanga kialfabeti kama orodha ya APA, na utangulizi ukaanza na [14]. Nikabadili kuwa `unsrt`. Sasa unaanza na [3]; [1] na [2] zimo kwenye vichwa vya majedwali ya sura ya tatu! Nikiondoa orodha ya majedwali iliyo mwanzoni, namba zinakaa sawa, lakini orodha hiyo ni ya lazima.

Nifanyeje ibaki bila kuvuruga namba? Na rejeo lililo ndani ya jedwali tu huhesabiwa pale jedwali linapotajwa kwenye maandishi, au linapochapwa?