Naomba ushauri: neno lenye irabu zote tano, lakini lisianze na U

Habari zenu wapendwa. Natafuta maneno ya Kiswahili yenye a, e, i, o, u, kila moja ikitokea mara moja tu. Nimepata uboreshaji, upokeaji, upotezaji na uongezaji, na yote yana mpangilio uleule: u-o-e-a-i.

Sababu naiona. Mzizi wenye o huvuta e kwenye kiambishi, hivyo bora inazaa boresha, si borisha. Ukiweka u- mbele na -ji nyuma, irabu zinatimia. Mzizi wenye e nao huvuta e, ndiyo maana uendeshaji unaanguka: e mbili, o hakuna. Uogeleaji nao umenisikitisha, umekosa kwa e moja ya ziada tu.

Vitenzi vya urejeshi navyo vinakubali: uliopewa, ulioletwa. Hapa mpangilio ni u-i-o-e-a, ila hivyo si vidahizo vya kamusi. Je, nyie mngevihesabu? Mimi nasita.

Ninachoomba hasa ni kidahizo kinachoanza na irabu nyingine, au chenye mpangilio tofauti kabisa. Nianzie wapi: maneno ya mkopo, au kuna ngeli ninayoisahau?