Naomba ushauri: pindo la sketi ya duara linajikunja

Habari zenu mafundi, naomba msaada wenu. Nina sketi ya duara kamili ya krepu laini. Niliitundika siku 2 ikiwa tayari na mkanda wa kiuno, na sehemu 4 za mshazari zikashuka karibu sm 3. Mvaaji akaivaa na viatu vyake, nikapima kutoka sakafuni kwa rula, nikatia alama za chaki na kukata. Sasa urefu uko sawa.

Shida ni pindo. Nikikunja sm 2, ukingo unakuwa mrefu kuliko pale unapolala kwa kama sm 25 kuzunguka duara lote, hivyo unafanya mikunjo. Nimejaribu kuivuta kwa uzi wa kukusanyia na kupiga pasi ya mvuke, krepu haikubali. Pindo jembamba la mm 6 linalala vizuri penye uzi ulionyooka, lakini kwenye mshazari linajisokota, nadhani mashine inavuta kitambaa.

Je, nishone kwanza mshono mmoja mm 5 kutoka ukingoni ndipo nikunje, au nitie ukanda wa mshazari kwa ndani? Na ukanda huo hautaifanya krepu isimame kama kengele?