Tupeane uzoefu: mnaijaribuje fonti kabla ya kuinunua?

BintiMkomani (Lamu)
Asalaam aleikum wenzangu. Naomba tukusanye hapa uzoefu wa waliowahi kuchagua fonti kwa kazi ya Kiswahili, iwe kitabu, menyu, bango, chochote, mlifanya nini kabla ya kulipa au kuanza kuitumia. Mimi nina kijitabu cha hadithi cha watoto wa darasa la tatu, saizi ya A5, wino mweusi tu, na nina fonti mbili mkononi, moja ya kulipia na moja ya bure. Zote zina sampuli ya kurasa kadhaa na zote zinapendeza, lakini sampuli ni Kiingereza mwanzo mwisho, na lile neno lao kubwa la kuonyeshea, Hamburgefonstiv. Nimelikagua herufi kwa herufi: halina k, halina w, halina y, halina l, wala z wala j. Najua lilitungwa kuonyesha maumbo ya msingi, sawa, lakini ukurasa wa Kiswahili umejaa k na w na y na l, sasa hizo ndizo mtoto atakazoziona kila mstari na ndizo sijaonyeshwa vizuri.

Kwa hiyo nimeandika aya yangu ya kujaribia, hii hapa, chukueni mkitaka:

Ilibidi Fatuma awavushe wazee kwa mashua mpaka ng’ambo. Wavuvi wakawauzia samaki wa ng’onda kwa KSh 1,150, Yahya akakawia kwa kuwa jahazi lililolala ufuoni lilikwama. “Kwani Wakwe zako wamefika?” YAYA AKAWAAMKUA WOTE.

Haina maana kubwa ila kila neno nimeliweka kwa sababu yake. Nyinyi mnatumia nini?

Kaka_wa_Barani
Waaleikum salaam dada. Mimi niko Malindi, kazi yangu kubwa ni menyu, na menyu za huku zina Kiswahili, Kiingereza na Kitaliano kwenye karatasi moja. Kuna mteja alikuja na fonti yake ameshaipenda, ya mwandiko wa mkono, ameishusha toleo la majaribio. Kwenye sampuli maridadi kabisa. Nikaandika caffè, ragù, tiramisù, nikaona zile è na ù zimetoka nyembamba na zimesimama wima wakati wenzake wamelala, kumbe fonti haina hizo herufi na kompyuta imeazima kwa fonti nyingine kimyakimya. Tarakimu nazo hazikuwepo hata moja! Menyu bila bei. Nilimweleza kuwa matoleo mengi ya majaribio hukatwa makusudi, tarakimu na alama zinatolewa ili ulipe kwanza, kwa hivyo ukiona pengo usiihukumu fonti moja kwa moja, tafuta orodha ya herufi zote za toleo kamili, wenye fonti wengi huiweka hapohapo kwenye ukurasa wa kuuzia. Tukaitafuta, tarakimu zipo, è haipo. Basi tukaiacha.

Na jambo la pili la bei, mimi huandika 1,111 halafu chini yake 8,888. Mstari wa juu ukiwa mfupi kuliko wa chini ujue safu ya bei haitanyooka. Na kuna fonti tarakimu zake zinapanda na kushuka kama Georgia, kwenye hadithi zinapendeza sana, kwenye safu ya bei zinachosha macho.

DizainaChipukizi
Mi naona mnajisumbua wakubwa zangu. Kiswahili ni a mpaka z, hatuna alama za juu kama Wataliano, kwa hiyo fonti yoyote ile inatutosha, ingia Google Fonts chagua, pale pale unaandika maneno yako unaona, na ni bure. Shida niliyowahi kuona ni moja tu, nyingi zina nafasi mbaya kwenye Wa na Ya, a inabaki mbali na W kama si ya neno moja. Nimeziacha fonti nyingi nzuri kwa sababu hiyo, nilijaribu kwenye Word zote zikafeli.

FundiChapa_Langoni
Kijana wangu kuhusu kuandika maneno yako mwenyewe pale Google Fonts uko sawa kabisa, wengi hawakitumii kile kisanduku. Lakini hayo ya Word angalia tena kabla hujaziacha. Fonti inaweza kuja imepangiwa vizuri Wa na Ya na Kw, ila Word mara nyingi haiutumii mpangilio huo mpaka uiambie. Bonyeza `Ctrl+D`, nenda `Advanced`, weka tiki kwenye `Kerning for fonts`. Halafu rudia jaribio lako. Ikiwa a bado iko mbali na W hapo ndipo useme fonti ina kasoro.

Na hiyo ya a mpaka z si kweli yote. Tuna ng’. Hicho kikoma cha juu ndicho kinachoniumiza kichwa miaka yote niliyokaa kwenye chapa, maana fonti nyingi zimekitengeneza kwa ajili ya Kiingereza, ambako kinakaa kabla ya s au t mwishoni mwa neno, wakati sisi kinakaa katikati kabisa na mara nyingi kinafuatwa na o au a, herufi za duara. Basi andika ng’onda na ng’ambo kwa saizi utakayochapa na uangalie sehemu mbili. Kwanza ile g, kama ni g ya vyumba viwili ina kisikio kidogo kulia juu, je kikoma kinagusana nacho? Pili baada ya kikoma, je o imejitenga mpaka neno linasomeka ng’ onda? Jaribu na herufi za mlalo pia, huko ndiko kinakogongana zaidi. Na bandika haya matatu yote, kwa sababu waandishi watakuletea mchanganyiko:

```
ng'onda   U+0027
ng’onda   U+2019
ngʼonda   U+02BC
```

Ya kwanza ndiyo ya kibodi, imesimama wima tu, kitabuni sipendi kuiona. Ya pili ndiyo ninayoitumia. Ya tatu fonti nyingi hazina, itaazimwa kwingine kama zile è za Malindi.

Sasa dada BintiMkomani, kuhusu kuisoma sampuli yenyewe. Ruka kurasa za maneno makubwa, nenda kwenye aya ndogo na usome pembeni wameandika nini. Ukiona 10/14 maana yake herufi pointi 10 na mstari hadi mstari pointi 14. Hapo wameipa hewa nyingi ndiyo maana inapumua. Wewe kwenye A5 ukiibana 10/12 ili upunguze kurasa hutapata ukurasa ule uliokuvutia. Na maneno yetu ni marefu, wamewaandikia, yaliyowasibu, kwenye safu nyembamba ukinyoosha pande zote mbili unapata mapengo ambayo kwenye sampuli ya Kiingereza huyaoni. Ichape aya yako kwa upana ule ule wa kitabu, na kwenye printa chagua `Actual size`, si `Fit`, ukichagua `Fit` karatasi inapunguzwa na pointi 11 yako si 11 tena. Halafu itoe fotokopi ile karatasi, maana vitabu vya shule mwisho wake ni fotokopi. Tundu la e na a likiziba, fonti hiyo ni nyembamba au ndogo mno kwa kazi yako.

MchoraJina_Amu
Mie nachora majina ya mashua na vyombo, nimesoma hapa mwataja fonti, nataka kujua ipi nzuri ya jina lionekane mbali, kwa rangi nyeupe juu ya ubao wa buluu. Sina kompyuta nachapishiwa karatasi nikakuza kwa mkono.

FundiChapa_Langoni
Karibu kaka. Hapa twazungumzia namna ya kuijaribu, si ipi nzuri, lakini kwako jaribio ni lile lile. Usikubali kuchapishiwa abjadi A mpaka Z, mwambie akuchapishie jina lenyewe, kwa herufi kubwa kama utakavyolichora. Jina kama TAWAKAL lina T na A, A na W, W na A, hizo zote zinaacha nafasi za pembetatu, wakati jina kama NURU linabanana. Libandike ukutani, rudi nyuma hadi lianze kufifia, uone linakatikia wapi. Wewe una bahati ya kusogeza kwa mkono.

Ustadh_Pate
Mbona hakuna aliyetaja Kiswahili cha herufi za Kiarabu? Huku bado tunaandika mashairi na qasida hivyo. Wakati wa Maulidi kijana alileta bango, fonti nzuri ya Kiarabu, sampuli imejaa hati safi. Nikamwambia aandike maneno yenye p, ch na v, yaani پ na چ na ڤ. Ile ڤ ikatoka ya fonti nyingine, nene zaidi, na herufi za jirani zikakatika badala ya kuungana nayo. Fonti ilitengenezwa kwa Kiarabu peke yake. Tukaenda na Scheherazade New ya SIL, ni bure na hizo herufi inazo. Lakini jaribu na irabu zake zote juu na chini, maana Kiswahili bila irabu hakisomeki kwa wengi, na ukibana mistari kasra ya mstari wa juu inaingia kwenye dhamma ya mstari wa chini.

DizainaChipukizi
Fundi nimeweka ile tiki. Wa imekaa sawa kwenye fonti mbili kati ya zile nilizoziacha, moja bado mbaya. Ahsante. Ila kwenye U+02BC sikubali. Ile inahesabiwa kuwa herufi, si alama ya kunukuu, kwa hiyo programu haiigeuzigeuzi, na ng’ yetu ni sauti moja. Fonti isiyo nayo ndiyo yenye kosa.

FundiChapa_Langoni
Hoja yako naielewa, lakini msomaji atakayetafuta neno kwa simu ataandika ya kibodi, na mwandishi wako ataandika ya kibodi. Mimi nabaki na U+2019.

BintiMkomani (Lamu)
Nimechapa zote mbili, 12/16, upana wa A5, `Actual size`, kisha fotokopi. Ya kulipia ng’onda imekaa vizuri mno na Wakwe imeshikana bila kugusana. Lakini I kubwa na l ndogo ni kijiti kile kile. Ilibidi inasomeka kama llibidi, na lililolala ni ukuta wa vijiti vitupu, mtoto wa darasa la tatu ataweka kidole wapi? Ya bure l ina mkia kidogo chini, inasomeka, ila ina pengo baada ya kikoma, ng’ onda kabisa, hata tiki ikiwepo.

FundiChapa_Langoni
Ongeza Andika ya SIL kwenye jaribio, imetengenezwa kwa wanaojifunza kusoma, I na l na 1 zinatofautiana wazi na a yake ni kama ya mwandiko wa ubaoni. Ni bure pia. Ile ya bure uliyo nayo pengo la kikoma unaweza kulipunguza kwa mkono ikiwa maneno ya ng’ si mengi, hilo la vijiti huwezi kulirekebisha.

Kaka_wa_Barani
Mie nina swali moja sijapata jibu. Toleo la majaribio ukishamtumia mteja rasimu ili achague, hiyo imehesabika ni kujaribu au ni kutumia? Leseni nilizosoma nyingine zinaruhusu waziwazi, nyingine zimesema majaribio ya ndani tu.

BintiMkomani (Lamu)
Ya kwangu imesema hivyo hivyo, ya ndani tu, na mwalimu anataka kuiona kabla hajaamua. Nimewaandikia wenye fonti kuwauliza. Andika naishusha sasa, nitachapa aya ile ile kwa 12/16 niziweke tatu zote mezani kwa mwalimu kama leseni itaniruhusu, kama hairuhusu atachagua kati ya zile mbili za bure.