Naomba ushauri: mwezi umekosewa kwenye mkataba wa duka langu

Ndugu zangu, nina duka la vyombo Kariokor, Nairobi. Macho yamechoka, kwa hivyo mjukuu wangu alinisomea mkataba wa kupanga kwa sauti, nami nikirudia kila tarehe. Akasoma: miaka mitano na miezi mitatu kuanzia 1 Machi 2022. Mstari uliofuata ukasema unaisha 28 Februari 2027. "Babu, hapo ni mitano kamili!" Tukahesabu tena, ilifaa iwe 31 Mei.

Nilipompigia ajenti wa mwenye jengo, alitaka arekebishe kwa kalamu, nitie sahihi kando. Jirani akanizuia. Sheria ya kupanga maduka, Sura ya 301, humlinda mpangaji ambaye mkataba wake hauzidi miaka mitano: hatolewi bila sababu za kisheria na notisi ya angalau miezi miwili, naye anaweza kwenda kwa baraza la kodi za kupanga majengo ya biashara. Ukizidi, kinga hiyo huenda nikaikosa.

Sitaki kumdhulumu mtu, lakini duka hili ndilo linatulisha. Je, nitie sahihi? Baraza hufuata muda ulioandikwa au tarehe ya mwisho? Aliyepitia haya anieleze, tafadhali.